Mtoto Atakaa na Nani? Historia ya Malezi ya Mchana Nzuguni na Nyumba ya Watoto ya Kikundi Chetu

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na viwanja ambavyo wanachama wamenunua. Sisi wa kamati ya watoto tumepewa kurasa hizi tueleze jambo moja tu: mama akiwa kazini, na ndugu zake wote wako Singida, Bukoba au Mbeya, mtoto anakaa na nani? Tutaanza mbali kidogo, kwa sababu swali hili si la leo, halafu tutaeleza hesabu na taratibu za Nyumba ya Watoto kama zilivyo kwenye daftari, ili kikundi kingine kikitaka kuanza kisianzie gizani.

Zamani ilivyokuwa

Wazee wa Kigogo wa hapa kwetu wanasimulia kwamba katika kaya ya zamani swali hilo halikuulizwa. Tembe moja ilikuwa na bibi, shangazi, wake wenza na wasichana wakubwa. Mama alipokwenda kulima uwele au kuchota maji, mtoto mdogo alibaki mgongoni mwa dada yake, na bibi alikuwa kivulini akiangalia wote. Wahenga waliposema mkono mmoja haulei mwana walikuwa wanaeleza jinsi kaya ilivyopangwa.

Baada ya Uhuru mpango ukaanza kubadilika. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, yaani UWT, ulianzishwa mwaka 1962, na vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa miongoni mwa kazi zake. Azimio la Arusha lilipotoka mwaka 1967, na hasa baada ya Operesheni Dodoma kuanza kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo cha watoto kikawa kitu cha kijijini pamoja na shule, zahanati na duka la ushirika. Kijiji kilitoa jengo au mti wenye kivuli, kikachagua mlezi mmoja au wawili, akina mama wakachangia unga wa uji. Sababu ilikuwa ya kazi kabisa: mvua zetu za Dodoma ni chache, mtu akichelewa kupalilia wiki mbili amekosa mwaka mzima, na mama hawezi kupalilia vizuri na mtoto analia pembeni.

Mwaka 1981 Bunge lilipitisha Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana. Lakini miaka hiyo hiyo uchumi ulikuwa umeyumba. Vijiji vingi vilishindwa kumlipa mlezi, uji ukakatika, na uji ulipokatika watoto nao wakaacha kuja. Hilo tulishike, maana litarudi mbele: vituo vingi havikufa kwa sababu akina mama hawakuvitaka, vilikufa kwa sababu mlezi hakulipwa.

Sheria ile ya 1981 ilikuja kufutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayosimamia vituo hivi hadi leo.

Nzuguni inapata wageni

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ila wengi wetu tuliuona kwa macho baada ya mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Watumishi wakaja, mafundi wakaja, na wafanyabiashara wakafuata wateja. Hapa Nzuguni, ambapo watu wa mikoani walipajua kwa viwanja vya Nane Nane tu, likajengwa soko la Job Ndugai na kituo kikuu cha mabasi. Nyumba za kupanga zikaota kila upande.

Kikundi chetu ni mtoto wa wakati huo. Wapo waliozaliwa hapa, lakini walio wengi ni wahamiaji: muuza nyanya wa gengeni, mama lishe wa stendi, karani, mwalimu, mshona nguo, mfagiaji wa ofisi. Mhamiaji huja na mume au huja peke yake, haji na bibi wala shangazi. Ndiyo maana swali la mtoto lilikaa kwenye sanduku la kikundi kabla hatujalijua.

Tunasema lilikaa sandukuni kwa sababu tulilikuta kwenye daftari la mfuko wa jamii. Mwishoni mwa mwaka wa pili mweka hazina alisoma sababu za watu kuomba msaada, na za kuchelewa mkutano. Ugonjwa wa kawaida ulikuwepo, misiba ilikuwepo, lakini zilizojirudia ni hizi: hausigeli ameondoka, mtoto ameungua uji, mtoto kapotea stendi, mtoto hana wa kumwachia. Na moja ambayo hatuisahau: mtoto wa miaka mitatu alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya maji, chumbani, akiwa na dada yake wa miaka tisa. Majirani walitaka kumtapisha. Bahati nzuri mama mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati akawakataza, maana mtoto akitapika mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Alikimbizwa hospitali kwa bodaboda na alipona. Mkutano uliofuata haukuzungumza mikopo.

Njia tatu zilizojaribiwa Nzuguni

Njia ya kwanza, ambayo bado wengi wanaitumia, ni dada wa kazi. Kwa mwenye uwezo wa kumlipa vizuri mtu mzima, njia hii inafaa. Kwa sisi wengine, dada alikuwa binti mdogo kutoka kijijini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 15 naye bado ni mtoto. Tena binti huyo anafua, anapika, anachota maji na kulea kwa wakati mmoja. Kinachoachwa hapo ni kulea, maana nguo chafu zinaonekana jioni, lakini mtoto aliyekaa peke yake saa tatu haonekani.

Njia ya pili ilikuwa zamu. Akina mama sita walikubaliana kila mmoja abaki nyumbani siku moja kwa wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, na watoto wa wote. Ilionekana ni bure kabisa. Ilidumu miezi mitatu. Muuza nyanya alipopiga hesabu aliona hivi: genge lake lilimpa faida ya kama shilingi 8,000 kwa siku. Zamu nne kwa mwezi ni shilingi 32,000, bila kuhesabu nyanya zilizooza siku ile. Karani naye hakuweza kumwambia bosi wake kwamba kila Jumatano hatakuja. Mwishowe zamu zote zikaangukia kwa mshona nguo na mama mmoja mwenye duka la nyumbani, kwa kuwa walikuwa karibu. Zamu inafaa kwa watu ambao saa zao zinafanana na siku moja haiwagharimu sana. Haifai kwa mchanganyiko kama wetu.

Njia ya tatu ndiyo Nyumba ya Watoto, iliyoanza mwaka wa nne wa kikundi na iko hadi leo. Ni nyumba ya mwanachama mmoja mjane, yenye uwa wenye ukuta, choo na tangi la maji. Yeye ni mlezi wa kwanza, naye hulipwa. Wenzetu wa mbali walishaipita njia hii. Kule Ahmedabad, India, akina mama wa kipato kidogo walianzisha chama chao cha SEWA mwaka 1972, mwaka 1974 wakawa na benki yao, na baadaye wakawa na vituo vya watoto vinavyoendeshwa kwa ushirika. Kwao nao akiba ilitangulia, kisha ikaonekana kwamba mama hawezi kuweka akiba siku ambayo mtoto amemzuia kwenda kazini.

Hesabu ya saa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tunaona ndilo limeifanya nyumba hii isimame. Watu wengi wakifikiria malezi ya mchana wanamfikiria mtoto mdogo tu. Lakini mtoto akianza shule tatizo haliishi, linahama saa. Mtoto wa darasa la awali anatoka shule karibu na saa tano. Wa darasa la kwanza na la pili wako njiani kufika saa saba. Mama yao anafunga genge saa kumi na moja. Hapo katikati mtoto anazurura, na kwetu kuzurura maana yake ni stendi na barabara kuu ya Morogoro yenye malori.

Basi mwaka huu nyumba ina watoto 12. Wadogo wa miaka miwili hadi minne ni 5, nao wapo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, yaani saa 11. Wa awali ni 3, wapo kuanzia saa tano, yaani saa 7. Wa darasa la kwanza na la pili ni 4, wapo kuanzia saa saba, yaani saa 5. Ukiangalia hivyo unaona kwamba asubuhi mlezi ana watoto 5 tu, na msongamano wa watoto 12 unaanza saa saba. Kwa hiyo hatuhitaji walezi wawili siku nzima. Mlezi wa kwanza anakaa siku nzima na kulipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Wa pili anaanza saa tano na kulipwa shilingi 90,000. Jumla ni shilingi 240,000.

Je, nani alipe ngapi? Kugawa sawa kwa kichwa kungekuwa shilingi 20,000 kila mtoto, na mama wa darasa la pili angelalamika kwamba analipia saa ambazo mtoto wake yuko shuleni. Kwa hiyo tunagawa kwa saa. Wadogo 5 mara saa 11 ni 55. Awali 3 mara saa 7 ni 21. Wa shule 4 mara saa 5 ni 20. Jumla ni saa 96 kwa siku. Shilingi 240,000 ukigawa kwa 96 unapata 2,500. Hivyo mtoto mdogo analipiwa shilingi 27,500 kwa mwezi, wa awali 17,500, na wa shule 12,500. Hata mama asiyejua hesabu nyingi anaweza kuikagua hii kwa vidole na kalamu. Na yule muuza nyanya, ambaye zamu ilimla shilingi 32,000, sasa analipa 27,500 na genge liko wazi siku zote.

Chakula hakiingii kwenye fedha hiyo. Kila mama analeta mwanzo wa mwezi kilo tatu na nusu za unga na kilo moja na nusu ya maharage kwa mtoto mmoja, na wenye watoto wadogo wanaongeza unga wa uwele wa uji wa asubuhi. Tuliamua kuleta chakula chenyewe kwa sababu bei inapanda na kushuka. Mwenye kulima hununui kwake, na baada ya mavuno kila mtu anaweza kujiwekea akiba ya gunia. Mboga na mafuta tunachanga kila wiki.

Yapo masharti mawili yanayolinda hesabu hii. La kwanza, mama analipia nafasi, halipii siku. Mtoto akienda likizo kwa baba yake wiki mbili, nafasi inalipwa ile ile. Mkilipa kwa siku, mwezi wenye watoto pungufu mlezi anapata nusu mshahara, mwezi unaofuata anatafuta kazi nyingine, na hapo mnarudia kilichovikuta vile vituo vya vijijini. La pili, mezi wa likizo za shule, Juni na Desemba, watoto 7 wa shule wanakuja tangu asubuhi. Mwezi huo mlezi wa pili anafanya siku nzima na kulipwa 150,000. Nyongeza ya shilingi 60,000 wanaigawana wazazi wa hao 7, kama shilingi 8,600 kila mtoto. Inatangazwa mwezi mmoja kabla, isije kama radi.

Kuchelewa kumchukua mtoto

Katika kikundi cha akiba tumezoea faini, kwa hiyo wengi walitaka mama anayechelewa kumchukua mtoto naye apigwe faini. Hatukuiweka, na sababu yake inafaa ijulikane. Mwaka 2000 watafiti wawili, Gneezy na Rustichini, walichapisha habari za vituo 10 vya watoto katika mji wa Haifa, Israeli. Vituo 6 viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa hawakurudi kama zamani. Mzazi aliyekuwa anaona aibu kumchelewesha mlezi sasa aliona amelipia, basi mambo yamekwisha.

Sisi kila mama ameandikisha mwenzake mmoja anayekaa jirani. Saa kumi na mbili ikifika bila mama kuonekana, mlezi anampigia yule mwenza, naye anakuja kumchukua mtoto na kukaa naye. Kwa hiyo anayechelewa anamsumbua shoga yake anayemjua, na atakutana naye kisimani na mkutanoni. Aibu hiyo haina bei. Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto yameandikwa ukutani ndani, na asiye kwenye orodha hapewi mtoto hata akisema ni mjomba.

Njia ya kutoka shule nayo ina mpango wake. Saa tano mlezi wa pili anapita shuleni kuwachukua wa awali kabla ya kuingia kazini. Wale wa saa saba wanatembea pamoja, wanne kwa pamoja, mpaka alama ya kuvukia barabara ambapo mlezi anawangoja. Wakifika wanakula, wanapumzika, kisha wanafanya kazi za shule mezani hadi saa kumi. Hatuwafundishi twisheni. Tunahakikisha tu daftari limefunguliwa.

Jinsi ya kuona mambo yanapokwenda vibaya

Mtoto mdogo hawezi kuripoti, lakini ishara zipo. Mtoto anayerudi nyumbani kila siku na njaa kali hakula, hata kama unga umeisha jikoni. Mtoto mwenye midomo mikavu na mkojo mweusi hakunywa maji, na kwa jua la Dodoma hilo ni jambo la haraka. Mtoto anayelala mno mchana, anaamka kama mlevi, na usiku hataki kulala, muulize mlezi kama kuna dawa ya mafua au kikohozi anayopewa. Wapo walezi wanaowanywesha watoto dawa za kusinzisha ili wapate kupumzika, na hiyo ni hatari. Kwetu hakuna dawa yoyote inayotolewa bila mama kuiandika kwenye daftari kwa mkono wake siku hiyo. Na mama mmoja wa kamati hupita kwa ghafla kila wiki, siku isiyojulikana, saa ya chakula.

Kuhusu Serikali, pale tulipoanza kupokea ada kutoka kwa wazazi tulikwenda ofisi ya mtaa, na kutoka hapo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Chini ya Sheria ya Mtoto kituo kinatakiwa kisajiliwe, na maombi huenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Afisa alikuja akaangalia choo, maji, uzio, jiko liko wapi, na watoto wanalala wapi. Alituagiza jiko lihamishiwe nje ya uwa wa watoto na mafuta ya taa yasikae ndani ya nyumba kabisa. Agizo hilo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Yasiyowezekana hapa

Tuseme na mipaka. Watoto wa chini ya miaka miwili hatupokei, kwa sababu kila mmoja anahitaji mikono yake. Mwanachama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini, kwa sheria ile ile ya 2004. Muuza genge hana hata moja. Kwa huyo kikundi kinatoa mkopo wa uzazi usio na riba kwa miezi mitatu, lakini baada ya hapo mtoto anarudi mgongoni hadi afikishe miaka miwili, na huo mwaka na zaidi bado ni pengo. Mtoto mwenye homa naye hapokelewi, maana atawaambukiza 11, hivyo mama yake siku hiyo hafanyi kazi. Na akina mama wanaouza chai stendi alfajiri, wanaotoka saa tisa usiku kungoja mabasi ya kwanza, nyumba hii haiwasaidii. Watatu kati yao ni wanachama wetu. Kwa sasa wamepanga vyumba katika nyumba moja, na mmoja hubaki na watoto wa wote hadi saa moja asubuhi, nao wenzake humlipa kwa sufuria ya maandazi na sehemu ya faida. Saa zao zinafanana, kwa hiyo kwao zamu imefaa.

Kikundi kinachotaka kuanza kisianze kwa kutafuta jengo. Kiketi mkutano mmoja, kila mama aandike saa anayotoka, saa mtoto anayotoka shule, na saa anayorudi. Jumlisheni saa hizo, muone msongamano unaanza lini, ndipo mjue mnahitaji walezi wangapi na wa saa ngapi. Daftari letu liko kwa katibu, na anayetaka kulinakili anakaribishwa siku yoyote ya mkutano.